Maji yasimezwe na fedha: kufupisha ripoti ndefu kwa hatua

Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Serikali anapowasilisha ripoti Bungeni, ofisini kwetu Kampala hutokea kosa lilelile. Mtu anasoma kwa makini kurasa za mwanzo, anachoka, kisha sehemu ya mwisho anaimaliza kwa sentensi mbili. Ripoti ikigawanywa vipande, kosa halitoweki. Linabadilisha sura tu.

Tuchukue mfano wa ripoti ya kurasa 480: fedha 240, afya 120, elimu 90, maji 30. Ukikata vipande vya kurasa 30, unapata vipande 16, na kila kimoja unakifupisha kwa maneno 200. Wengi hapo huunganisha vyote 16 kwa mkupuo mmoja kupata muhtasari wa maneno 1,600. Fedha inaingia na vipande vinane, maji na kimoja. Visima vibovu vinaambulia maneno 100, pengine hata hayo hayafiki.

Sisi tunapanga mgao kabla ya kusoma. Kila sehemu inapewa maneno 200 ya kuanzia, na 800 yanayobaki yanagawanywa kwa idadi ya kurasa. Fedha inapata 600, afya 400, elimu 350, maji 250. Kisha vipande vya sehemu moja vinaunganishwa vyenyewe kwanza hadi vitoshee mgao wake, ndipo sehemu zote nne zinawekwa pamoja. Angalia maji: muhtasari wake una maneno 200, mgao wake ni 250. Hapo mwandishi anarudi kwenye kurasa zenyewe kutafuta kilichoachwa, hapambi maneno aliyonayo.

Kata kwenye vichwa vya habari, hata kama kipande kimoja kitakuwa na kurasa 26 na kingine 34. Nimewahi kukata katikati ya jedwali. Maneno "kwa maelfu ya shilingi" yalibaki juu, kwenye kipande cha kwanza, na kipande cha pili kikasomeka shilingi 340,000 mahali palipokuwa na milioni 340. Siku hizi kichwa cha jedwali tunakinakili kwenye kila kipande kinachoendelea nalo.

Hatari nyingine ni maneno madogo. Ripoti inasema fedha "hazikuwa na hati za malipo". Muhtasari wa kwanza unaandika "hazijulikani zilikokwenda", wa pili "zimeliwa". Mkaguzi hakusema hivyo. Huenda hati zikaonekana baadaye. Kwa hiyo kila dai linabeba namba ya ukurasa kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na kabla ya kutoa muhtasari tunafungua ripoti yenyewe, si mihtasari ya kati, tukilinganisha kila tarakimu na kila tuhuma. Dai lisilo na namba ya ukurasa tunalifuta.