Kangomba na hesabu ya kaya: kwa nini mkulima anauza korosho kabla hazijaanguka

Kila msimu wa korosho unapokaribia, simu huanza kuingia ofisini kwetu hapa Dar es Salaam, na nyingi si za wakulima. Ni za watoto wao walioko Mbagala, Temeke na Kigamboni. Mtu anakuambia: "Baba yangu Mkuranga kauza korosho kwa kangomba tena, na mwaka jana nilimkataza. Wapeni elimu." Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, kwa kopo badala ya mizani na mara nyingi kabla ya mavuno. Kwa kuwa kampeni ya kuzuia ununuzi huo holela inarudi kila mwaka na malalamiko hayapungui, nimeona nieleze upande ambao haufafanuliwi, yaani hesabu anayoipiga yule baba.

Kwanza niweke wazi kwamba makala hii haihalalishi kangomba. Ununuzi wa korosho nje ya utaratibu ni kosa, mzigo unaweza kukamatwa na mnunuzi akafikishwa mahakamani. Ila neno "ujinga" naomba tuliache. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, sijakutana na mkulima asiyejua kwamba anapunjwa.

Tuchukue kaya moja ya mfano. Ina baba, mama, bibi na watoto watano, mkubwa akiwa na miaka kumi na tatu. Wana ekari tatu za mikorosho, kama miti themanini, na msimu wa kawaida wanapata kilo 400. Mwezi wa nne mahindi ya ghalani yamekwisha, yaliyo shambani bado mabichi, na mtoto mmoja ana homa. Anakuja mtu na shilingi 160,000 taslimu. Anataka kopo 160 za korosho mwezi wa kumi, kila kopo shilingi 1,000. Kopo hilo linaitwa kilo, lakini ukilipeleka kwenye mizani lina kilo moja na robo. Kwa hiyo anachochukua ni kilo 200, nusu ya mavuno. Tuseme mnadani, baada ya makato, mkulima angepata shilingi 2,700 kwa kilo. Kilo hizo zingemletea 540,000. Amelipa zaidi ya mara tatu ya alichokopa, kwa miezi sita tu.

Mjini hesabu inaishia hapo. Kijijini ndipo inapoanza, kwa sababu mwezi wa nne bei ya mnada haipo mezani. Kilichopo ni njia nyingine ya kupata hiyo 160,000, nayo ni vibarua vya palizi. Kwa shilingi 5,000 kwa siku, zinatakiwa siku thelathini na mbili za kazi, yaani siku kumi na sita kwa baba na mama wakienda wote wawili. Siku hizo ndizo hizohizo ambazo mahindi yao wenyewe yanadai jembe. Wakienda kulima kwa wengine, magugu yanakula chakula cha miezi inayofuata. Na ikifika wakati wa kupulizia salfa, fedha ya kukodi mashine na kununua petroli isipokuwepo, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua na hata zile kilo 400 hazifiki. Kangomba inawaokoa na hasara mbili kwa kuwatia kwenye ya tatu.

Jambo hili lilipigiwa hesabu zamani na Alexander Chayanov, mchumi wa Kirusi ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1925. Alisema kaya ya mkulima si kampuni ndogo. Kampuni inatoa mishahara, inatazama faida, na isipoiona inafunga. Kaya haijilipi mshahara. Inapima uchovu wa siku moja zaidi ya kazi dhidi ya haja ambayo bado haijatimizwa, na kinachoamua ni uwiano wa walaji kwa watenda kazi. Kwa wanandoa wapya uwiano ni moja, yaani mlaji mmoja kwa mtenda kazi mmoja. Watoto wanapozaliwa walaji wanaongezeka na mikono ni ileile. Katika jedwali lake, ifikapo kama mwaka wa kumi na nne wa ndoa uwiano unakaribia mbili, halafu unaanza kushuka mtoto mkubwa anaposhika jembe. Kaya yetu ya mfano iko kwenye kilele hicho, na hapo ndipo watu hukubali kazi nzito kwa malipo madogo na mikopo ambayo mfanyabiashara yeyote angeikataa. Ndiyo maana kaya inadumu kwenye ardhi ambayo kampuni ingefilisika.

Chayanov alikuwa akibishana na hoja ya Lenin ya mwaka 1899, kwamba wakulima hawazunguki tu kutoka shida kwenda nafuu kadiri watoto wanavyokua, bali wanagawanyika, wachache wakinunua jasho la wengi. Ubishi wake haukuvumiliwa. Alikamatwa mwaka 1930 na kupigwa risasi mwaka 1937. Kwetu mjadala ulichukua sura nyingine mwaka 1980, msomi wa siasa Goran Hyden alipoandika kwamba mkulima wa Tanzania bado hajanaswa na soko wala dola, kwa kuwa ana undugu na ujirani wa kumbeba. Hapo sikubaliani naye kikamilifu. Mkulima wa pwani amekuwa sokoni tangu kodi ya nyumba ya Wajerumani, na anayetoa fedha za kangomba mara nyingi ni jirani huyohuyo, mwenye mikorosho mia tatu.

Sasa utajuaje kama kaya imo kwenye mzunguko wa Chayanov au kwenye mgawanyiko wa Lenin? Usitazame msimu mmoja. Tazama kaya ambayo watoto wake wamekwisha kukua. Ikiwa kopo zinazouzwa mapema zinapungua mwaka hadi mwaka, ule ulikuwa mzigo wa umri wa kaya. Ikiwa nyumba ina vijana watatu wenye nguvu na bado inauza kwa mtu yuleyule, kisha ikaanza kuweka rehani mikorosho yenyewe, hapo umri wa kaya hauhusiki tena. Pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, kwa hiyo mtu anabaki na shamba lake huku mavuno yakiwa ya mwingine. Tatizo jingine ni kwamba Chayanov aliwahesabu vijana wakiwa nyumbani. Wa kwetu wako Dar wanaendesha bodaboda, na uwiano haushuki hata wakikua.

Ninyi mnaopiga simu ndio hiyo mikono iliyoondoka. Fedha mnazotuma mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya sikukuu zinafika kangomba ikiwa imekwishalipwa. Zinatakiwa mwezi wa nne.

Kuhusu utaratibu halali wa kuuza korosho, naomba usomwe polepole. Mkulima ajiandikishe kwenye chama chake cha msingi kwa jina lake halisi, pamoja na idadi ya miti. Akaunti ya benki iwe kwa jina hilohilo, kwani tofauti ya herufi moja imechelewesha malipo ya watu wengi. Korosho zianikwe na kuchambuliwa kabla ya kupelekwa, zipimwe kwa mizani mbele yake, na asiondoke bila stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, malipo yanaingia kwenye akaunti. Na asikubali kabisa jina lake litumike kupitishia mzigo wa mtu mwingine. Mnunuzi wa kangomba hana shamba la kuonyesha, kwa hiyo anahitaji jina la mwenye nalo, na kilo zikizidi miti iliyoandikwa, atakayeitwa kujieleza ni mwenye jina.