Barua ya shukrani kwa familia iliyokupokea Ufaransa

Wanafunzi wangu wakirudi kutoka ziara ya kubadilishana na shule za Ufaransa, nawapa kazi ile ile: kuiandikia familia iliyowalaza na kuwalisha. Wengi huhangaikia salamu, na kumbe hapo pana wepesi. Kama wenyeji walikuambia uwaite kwa majina yao, anza na « Chère Claire, cher Thomas, ». Kama hawakusema, « Chère Madame, cher Monsieur, » inatosha.

Kazi iko kwenye sentensi ya shukrani. Msichana mmoja aliyekaa Nantes aliniletea hii: « Je te remercie pour m'accueillir. » Tukaanza na *te*. Barua itasomwa na baba na mama, pengine na watoto pia, kwa hiyo ni *vous*, hata kama mezani msichana alikuwa akimwita kila mmoja wao *tu*. Kisha, kitenzi kikifuata baada ya *remercier*, hutanguliwa na *de*. *Pour* tunaiachia nomino, kama « merci pour les crêpes ». Na kwa kuwa mapokezi yameshapita, kitenzi nacho lazima kionyeshe hivyo. Tukapata: « Je vous remercie de m'avoir accueillie chez vous. »

Ile *e* ya mwisho ipo kwa sababu aliyepokelewa ni msichana. Mvulana ataandika *accueilli*. Wakitia saini wawili, msichana na mvulana, ni « de nous avoir accueillis ». Sikio halitambui tofauti hiyo, ila mwenyeji ataiona kwenye karatasi.

Baada ya hapo nataka kitu mahususi. « Tout était bien » haimwambii mama mwenye nyumba lolote. Msichana yule akaandika: « J'ai beaucoup aimé le marché du samedi. » Hapo anamkumbusha mtu asubuhi waliyotembea pamoja.

Mtego mkubwa zaidi kwa sisi Waswahili ni kusema tumewakumbuka. Aliandika « Je vous manque », yaani alikuwa anawaambia kwamba wao ndio wanaomkumbuka yeye! Kwa Kifaransa, asiyekuwepo ndiye anayekuwa kiima: « Vous me manquez. »

Kufunga, « Je vous embrasse » inafaa ikiwa mliagana kwa kubusiana mashavu. La sivyo, « Bien amicalement ». Ile « Veuillez agréer… » ya barua za ofisini iache kabisa.

Kijana wa familia, yule mwenzako wa shule, mwandikie kadi yake peke yake, na hapo *tu* inarudi: « Merci de m'avoir prêté ton vélo. » Msichana wetu alitaka kuongeza *e* kwenye *prêté*. Hapana: kilichoazimwa ni baiskeli, yeye ndiye aliyepewa, na *me* ya namna hiyo haibadilishi kitenzi.