Mshahara unaishia wapi? Tusome mchoro wa Sankey

Mnaiona ile michoro yenye mikanda inatoka kushoto mshahara inaishia kulia kodi ya nyumba, chakula, nauli? Kazi yangu ni kuchora data na hii ndo naulizwa sana, maana inapendeza lakini watu wengi wanaitazama tu hawaisomi. Jina limetoka kwa kapteni mmoja wa Ireland, Sankey, ambaye 1898 alichora nishati ya injini ya mvuke inavyopotea njiani, na kanuni ni ileile mpaka leo: upana wa mkanda ndo kiasi, basi. Urefu wake hauna maana, kuwa juu au chini hakuna maana, na rangi ni mapenzi ya mchoraji. Mkanda mrefu uliopindapinda utauona mkubwa kuliko ulivyo, kwa hiyo pima unene wake pale unapoanzia au unapoishia, usipime katikati kwenye kona.

Twende na familia ya mfano, Dar, baba kaajiriwa laki nane, mama ana genge linalobakiza laki mbili na arobaini kwa mwezi. Kwenye mshahara NSSF inakata asilimia 10, yaani 80,000, halafu PAYE inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki, inakuja 60,000. Kinachofika nyumbani 660,000, ongeza genge, jumla 900,000. Kwenye SankeyMATIC, tovuti ya kuchorea michoro hii, unaandika hivi:

```
Mshahara [80000] NSSF
Mshahara [60000] PAYE
Mshahara [660000] Mkononi
Genge [240000] Mkononi
Mkononi [320000] Chakula
Mkononi [200000] Kodi ya nyumba
Mkononi [130000] Shule
Mkononi [90000] Nauli
Mkononi [60000] Umeme, maji, vocha
Mkononi [50000] Mama kijijini
Mkononi [*] Akiba
```

Kabla ya kitu kingine simama kwenye kile kituo cha katikati, Mkononi, jumlisha vinavyoingia halafu jumlisha vinavyotoka, lazima vilingane. Hapa zinaingia laki tisa, zinatoka 850,000 zinazojulikana, na 50,000 imekwenda akiba.

Sasa angalia ile nyota kwenye mstari wa mwisho. Nyota maana yake "weka chochote kilichobaki". Hiyo 50,000 hakuna mtu aliyeihesabu, programu imetoa tu! Inawezekana ipo kikoba kweli, inawezekana ni chips, bodaboda za usiku na michango ya harusi ambayo hakuna aliyeiandika, mchoro utaonesha mkanda mzuri wa kijani umeandikwa Akiba na familia itajiona inaweka. Dalili yake ni kwamba mahesabu yanafunga hadi shilingi ya mwisho na hakuna mkanda wowote unaoitwa "sijui". Nyumba gani hiyo? Dawa ni kuandika akiba kwa namba uliyoitoa kwenye daftari la kikoba au salio la benki, tuseme 15,000, halafu nyota uipe jina la Haijulikani, na hapo utaona 35,000 imekaa peke yake inakutazama.

Kingine ambacho watu wanakosea ni kufuata shilingi kupitia kituo cha katikati. Mtu anaona genge liko chini na nauli iko chini anasema "kumbe genge ndo linalipa nauli". Hapana bwana, hela zikishaingia chungu kimoja zimechanganyika, mchoro haujui ipi ni ya nani. Kama ukweli ni kwamba mama anatoa mboga moja kwa moja kwenye droo ya genge, hiyo ichorwe hivyo:

```
Genge [150000] Chakula
Genge [90000] Mkononi
Mkononi [170000] Chakula
```

Hii mitatu inachukua nafasi ya mistari ya zamani ya genge na chakula, Mkononi inashuka hadi 750,000, chakula kinabaki 320,000 vilevile, ila sasa unaona genge likifungwa mwezi mmoja karibu nusu ya sufuria inaondoka nalo. Mchoro wa kwanza ulikuwa sahihi kwa hesabu na bado ulikuficha hilo.

Asilimia nazo uliza ni za nini. Kwenye mchoro wa kwanza chakula ni kama 36 kwa mia ya ile 900,000 inayofika mkononi, lakini ukigawa kwa mapato yote kabla ya makato, 1,040,000, inakuwa 31 hivi, mkanda ni uleule.

Na kagua majina ya upande wa kushoto moja moja. Januari familia hii ikikopa laki mbili za ada, zinaingia kushoto na unene wake kama mapato mengine, mchoro unanenepa na nyumba inaonekana imepata, wakati marejesho yatatokea kulia kuanzia Februari kwenye mchoro mwingine ambao pengine hutaonyeshwa. Mimi mkopo nauchora na rangi yake peke yake, na juu ya mchoro naandika ni wa mwezi gani, maana hiyo 130,000 ya shule ni ada ya mwaka niliyoigawa kwa 12, siyo hela inayotoka kila mwezi.