"Licha ya umri wake": maneno ninayoyafuta kila kongamano

Kazi yangu ni kuwatambulisha wazungumzaji kwenye makongamano ya biashara. Juzi waandaaji walinipa tena karatasi ile ile ya kumtambulisha mzungumzaji kijana: "Licha ya umri wake mdogo, binti yetu shupavu, mfano wa kuigwa..." Mistari sita, na hakuna hata mmoja unaosema anauza nini. Nilipouliza, nikajibiwa tunampa moyo. Jamani! Mtu aliyekuja kuzungumza na wanunuzi na watu wa benki hajafuata moyo.

Alikuwa mkamuaji wa alizeti kutoka Singida. Nilimpigia siku moja kabla: jina linatamkwaje, nikuite nani mbele ya wakubwa, unamuuzia nani, tarakimu gani niitaje. Mauzo alikataa, na sikumlaumu. Washindani wake wangekuwemo ukumbini. Tukakubaliana magunia.

Nikasema hivi: "Alizeti huvunwa miezi michache, lakini wateja wanataka mafuta mwaka mzima. Msimu uliopita mgeni wetu alinunua magunia 1,200 wakati wa mavuno ili mashine isilale. Mafuta anawauzia wenye maduka, mashudu wafugaji wa kuku. Atatueleza alikopata fedha za shehena hiyo kabla ya kuuza hata lita moja." Kisha jina, nikanyamaza. Jina huja mwisho kwa sababu makofi hufuata jina.

Sasa hilo "licha ya". Ukilitamka umeshauambia ukumbi kwamba mtu wa rika lake kwa kawaida hawezi, na huyu kabahatisha. Sikiliza swali la kwanza litakaloulizwa. Kwa utambulisho wa karatasi ile huwa ni "wazazi walikusaidia?" Safari hii mzee mmoja wa mstari wa mbele aliuliza mashudu anayahifadhije yasiote ukungu. Hilo ni swali la mtu anayetaka kununua.

"Binti yetu" ni kesi ngumu kidogo. Mzee anayemfahamu akimwita hivyo kwenye chai, ni upendo. Kwenye maiki mimi si baba yake. Mtaniambia mbona tunasema "mzee wetu". Ndiyo, lakini hilo humpandisha mtu, na hili humshusha, hasa anapofuatia mkurugenzi aliyesomewa vyeo vyote.

Umri nautaja pale tu unapofanya kazi. Mikopo ya halmashauri, kwa mfano, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ina fungu la vijana; mada ikiwa hiyo, miaka yake ni sifa ya kupata mkopo, basi naisema. Nje ya hapo naiacha, ingawa sina hakika kila mara. Kuna kijana aliyeniomba mwenyewe, "Sema nina 22, kaka, wanapenda." Nikasema. Ukumbi ukapiga vigelegele, na nusu saa nzima hakuna aliyemuuliza bei.

Akashuka jukwaani akicheka. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia.