Mistari ya hidrojeni kwenye uga dhaifu wa sumaku: kwa nini ni kumi, si mitatu

Mwanafunzi akiulizwa achore mwanga wa hidrojeni iliyowekwa kati ya ncha za sumaku, mara nyingi huchora mistari mitatu iliyoachana sawasawa. Hoja yake ina mantiki, ila kuna kitu amekiacha.

Tuchukue mstari mmoja, Lyman-alfa, unaotoka elektroni inaposhuka kutoka ngazi ya 2p hadi 1s. Ni mwanga wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.57. Elektroni ya 2p ina namba kwanta ya sumaku, m, inayoweza kuwa −1, 0 au +1. Namba hiyo hueleza mzunguko wake umeelemea upande gani wa uga. Pasipo sumaku, hali zote tatu zina nishati ileile. Sumaku ikiwepo, kila moja husogea kwa m mara µB × B, ambapo µB ni magnetoni ya Bohr na B ni nguvu ya uga. Kwa uga wa tesla 0.1, hatua moja ni kama gigahezi 1.4, wakati mwanga wenyewe una masafa ya gigahezi milioni mbili na nusu hivi. Kwa kuwa 1s ina m moja tu, yaani 0, mistari inayotoka ni mitatu: mmoja unabaki pale pale, mingine inasogea hatua moja huku na huku.

Pieter Zeeman alipogundua athari hii mwaka 1896 huko Leiden, hesabu ya mwanafizikia Hendrik Lorentz ilitoa mistari mitatu hiyo hiyo. Muda si mrefu Thomas Preston, Dublin, akaona mistari minne na sita kwenye elementi nyingine, na jibu halikupatikana mpaka spini ya elektroni, yaani mzunguko wake wa ndani, ilipopendekezwa mwaka 1925.

Spini ndiyo aliyoiacha mwanafunzi wetu. Kwanza, hata kabla ya sumaku, spini huigawa 2p kuwa ngazi mbili, 2p1/2 na 2p3/2, zilizoachana kwa gigahezi 11 hivi. Pili, sumaku ya spini ina nguvu maradufu kwa kiasi kilekile cha mzunguko, kwa hiyo kila ngazi hupanuka kwa kipimo chake, kiitwacho g: ni 2 kwa 1s, 2/3 kwa 2p1/2, na 4/3 kwa 2p3/2. Hapa m ni ya mzunguko na spini kwa pamoja, nayo huwa ±1/2 au ±3/2, na kila hali husogea hatua g mara m.

Tuanze na 2p1/2. Hali zake mbili zinasogea hatua +1/3 na −1/3. Zile za 1s, +1 na −1. Elektroni inaposhuka, m haiwezi kubadilika kwa zaidi ya 1, na hapa njia zote nne zinaruhusiwa. Tukitoa cha chini kwenye cha juu tunapata +4/3, +2/3, −2/3 na −4/3. Angalia vizuri: hakuna hata mstari mmoja uliobaki mahali pa zamani. Kwa 2p3/2, yenye hali nne, njia sita zinaruhusiwa, na mistari yake iko kwenye ±1/3, ±1 na ±5/3. Jumla ni kumi.

Hesabu hii inasimama maadamu hatua ya gigahezi 1.4 ni ndogo mbele ya zile 11 zinazotenga ngazi mbili za 2p. Hiyo ndiyo maana ya “uga dhaifu” hapa. Ukifika tesla 1, hatua inakuwa gigahezi 14 na mpangilio unavurugika. Ukizidi sana, mistari hujikusanya tena kwenye mafungu matatu, na mchoro wa mwanafunzi unakaribia kuwa sahihi.

Kuiona mistari hiyo kumi ni kazi nyingine. Katika gesi ya joto la kawaida la chumba, atomi hukimbia huku na kule, na athari ya Dopla huutanua kila mstari hadi gigahezi 30 hivi. Yote kumi humezwa ndani ya doa moja. Dawa yake ni kutazama kwa kufuata mwelekeo wa uga: mistari ambayo m haikubadilika hupotea, na iliyobaki huja na mwanga unaozunguka, wa kulia kwa upande mmoja wa masafa na wa kushoto kwa upande wa pili. Ukipima kila mzunguko peke yake, madoa mawili yanakuwa yameachana kidogo, na tofauti hiyo hupimika hata kama kila doa ni pana. George Ellery Hale alitumia mbinu hiyo mwaka 1908 kuonyesha kwamba madoa ya Jua yana sumaku.

Kuna jambo moja zaidi. Protoni nayo ina spini, nayo huigawa 1s kwa gigahezi 1.42. Kwa mgawanyiko huo, tesla 0.1 si uga dhaifu hata kidogo, na mtu mwenye kifaa kikali ataona mistari mingi kuliko yetu kumi. Lakini kati ya nyota, ambako uga ni sehemu chache za milioni za gausi, kipimo ambacho elfu kumi zake ni tesla moja, udhaifu ni wa kweli. Mpito huo wa gigahezi 1.42, ule wa sentimita 21, hutenganisha mwanga wa kulia na wa kushoto kwa hezi 2.8 tu kwa kila sehemu moja ya milioni ya gausi, na mwanaastronomia Gerrit Verschuur aliupima utengano huo kwa darubini ya redio mwaka 1968.