Barua ya kuomba kibali haiombi huruma

Juzi nimeletewa tena barua ya kurasa tatu kutoka chama cha wafanyabiashara wa soko, wanaomba kibali cha kuuza jioni. Ukurasa wa kwanza wote ni maisha magumu, watoto wanaosoma, mikopo ya vikoba. Ukurasa wa tatu ndipo nilipoambiwa wanataka kuuza wapi, na bado hawakusema mpaka saa ngapi. Nimekaa kitengo cha biashara cha manispaa miaka mingi kabla ya kuanza kuwasaidia viongozi wa masoko, na hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote: kwamba barua ikilia sana, kibali kitatoka.

Ukweli ni kwamba barua hiyo haiamuliwi na mtu mmoja. Mkurugenzi anaandika maelekezo pembeni na kuishusha kwa wataalamu. Mtu wa biashara anauliza mko wangapi na mnauza nini. Wa mipango miji anauliza eneo ni la nani na lina ukubwa gani. Wa afya na usafi anataka kujua choo kiko wapi na taka zitatolewa na nani. Hakuna kati yao anayeweza kujaza majibu hayo kwa kusoma kwamba maisha ni magumu, kwa hiyo jalada linalala likisubiri ufafanuzi, na ninyi mnaamini mmenyimwa.

Kuna chama kimoja nilichokisaidia, nacho kiliomba maegesho ya soko yatumike kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Kabla ya kuandika chochote, katibu alihesabu kwa siku 14 watu waliokuwa wakipanga bidhaa nje ya uzio kila jioni. Siku mbovu walikuwa 25, siku nzuri 40. Kisha akapima maegesho kwa kamba: mita 36 kwa 20. Kiini cha barua kikawa hivi:

"Tunaomba kutumia maegesho ya soko, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, kwa meza zisizozidi 40 katika safu mbili. Kati ya safu tutaacha njia ya mita 4 ambayo gari la zimamoto litapita. Chama kitafagia na kukusanya taka kabla ya saa 5 usiku, na mlinzi wa choo ataongezewa muda kwa gharama yetu."

Sababu nazo zilitoka kwenye kero ya manispaa yenyewe. Wauzaji hao walikuwepo tayari, wamekaa ukingoni mwa barabara, mgambo wanawakimbiza kila siku, na ushuru hawalipi kwa sababu mkusanyaji anaondoka saa 12 jioni. Kwa ushuru wa shilingi 500 kwa meza, waliandika kwa hesabu ya meza 25, yaani shilingi 12,500 kwa siku na 75,000 kwa wiki. Mweka hazina alitaka iandikwe 40 ili ivutie. Nilikataa, na nitaendelea kukataa: ukiahidi 20,000 kwa siku ukaleta 12,500, mwezi wa pili unaulizwa nyingine iko wapi. Walipewa miezi mitatu ya majaribio.

Shida za wanachama zina nafasi, sentensi mbili zinatosha, baada ya ombi.

Dhana nyingine ni kumwandikia barua Mstahiki Meya au mbunge kwa sababu "ni mtu wetu". Meya anaongoza vikao vya madiwani. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, na barua inakwenda kwake kwa kupitia Mtendaji wa Kata. Diwani mpeni nakala.

Wengine wanakusanya sahihi 200 wakidhani wingi ndio uzito. Ambatisheni muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba, pamoja na orodha ya mahudhurio. Sahihi bila kikao zinaleta swali la nani aliwatuma.

Eneo nalo liangalieni mapema. Likiwa ndani ya hifadhi ya barabara, manispaa haiwezi kuwapa peke yake. Lazima TARURA au TANROADS wahusishwe, kutegemea barabara ni ya nani. Nimeona barua nzuri kabisa ikikwama hapo.

Na muhuri wa "imepokelewa" si kibali. Kuna waliopanga meza kesho yake wakiwa na nakala hiyo mkononi, na bidhaa zao zikabebwa. Muhuri unathibitisha tarehe tu. Mkishagongewa, ulizeni masjala barua imeingia jalada namba ngapi, muiandike nyuma ya nakala yenu, na baada ya wiki mbili katibu arudi kuuliza kwa namba hiyo.