Makato ya M-PESA ya mwaka mzima, na njia ya benki kwenye mizani

Nafanya kazi ya uhasibu hapa Kenya, na kwa miaka mingi nimewahesabia watu wengine makato yao bila kuhesabu yangu. Mwezi uliopita niliketi na taarifa yangu ya M-PESA ya miezi kumi na miwili. Kabla ya kuifungua niliandika kwenye karatasi kiasi nilichodhani nimekatwa: shilingi 4,000. Nilikuwa mbali sana na ukweli, na sehemu ya pengo hilo haikuwa hata ndani ya taarifa hiyo.

Taarifa yenyewe (wengi tunaiita stetimenti) unaiomba kwenye programu ya M-PESA au kwa *334#, nayo huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Ndani yake kila ada imepewa mstari wake. Ukimtumia mtu 3,000, utaona mstari wa 3,000, na mwingine wa 53 ulioandikwa "Customer Transfer of Funds Charge". Mistari hiyo miwili ina namba moja ya risiti. Hilo hurahisisha kazi, kwa sababu ukishahamishia taarifa kwenye Excel, ada zote zinajumlishwa kwa fomula moja:

```
=SUMIF(C:C,"*Charge*",F:F)
```

Hapa C ni safu ya Details na F ni safu ya Withdrawn. Nimetafuta neno moja tu badala ya maelezo yote kwa sababu PDF hupenda kukata maelezo katikati ya mistari, na ukitafuta sentensi nzima utaikosa nusu ya ada. Jumla ikija sifuri, usifurahi: tarakimu zako zimeingia kama maandishi, zibadilishe ziwe namba kwanza. Kisha hakiki. Chukua salio la mwanzo, ongeza yote yaliyoingia, toa yote yaliyotoka. Usipopata salio la mwisho hadi senti, kuna ukurasa haukuhamia. Mimi mara ya kwanza nilikosa kurasa mbili.

Fuliza, ile ya kukopa salio lisipotosha, ni habari nyingine. Gharama yake haikai kwenye mstari wa "Charge". Imechanganywa na deni unapolipa. Anayeitumia ajumlishe alizolipa, atoe alizokopa, tofauti ndiyo gharama. Mimi sikuitumia mwaka huo, kwa hiyo naiacha hapo.

Baada ya jumla ndipo hesabu yenye faida ilipoanza, yaani kuzigawa ada kwa safari za pesa. Tarifa niliyokuwa nikikatwa ni ile iliyoanza Julai 2023, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipopandisha ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Kodi ya nyumba nilikuwa namtumia mwenye nyumba kwenye namba yake, 25,000 kila mwezi kwa ada ya 108, ambayo kwa mwaka ni 1,296. Mama nilimtumia 3,000 mara nne kwa mwezi, yaani mara 48 kwa 53, ikawa 2,544. Kutoa kwa wakala, 2,000 kila mara, mara 48 kwa 29: 1,392. Halafu kuna vijisenti. Mara 310 nilituma kati ya 101 na 500, kila mara shilingi 7, jumla 2,170. Mara 180 nilituma kati ya 501 na 1,000, kila mara shilingi 13, jumla 2,340.

Yote pamoja ni 9,742. Angalia kwamba vijisenti peke yake vilikaribia nusu. Shilingi 7 haimshtui mtu, lakini kwenye 120 ni karibu asilimia 6, ilhali 108 ya kodi ya nyumba haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ada inayouma machoni na ada inayokula mfuko si lazima ziwe moja.

Sasa lile pengo. Mshahara wangu huingia benki, na kila nilipohitaji pesa nilizivuta kuja kwenye simu. Kwenye taarifa ya M-PESA mistari hiyo inaonekana kama pesa zilizoingia, safi kabisa, bila ada. Ada imekatwa upande wa pili. Nilipofungua taarifa ya benki nikakuta shilingi 40 kila nilipovuta, na chini yake mstari mdogo wa ushuru wa bidhaa, 6. Jumla 46. Nilikuwa nikivuta mara nane kwa mwezi: mara nne kwa ajili ya mama, mara moja kwa kodi ya nyumba, mara tatu kwa matumizi yangu. Mara 96 kwa 46 ni 4,416. Jumla halisi ya mwaka ikawa 14,158.

Ule mstari mdogo wa ushuru ndio unaowapotosha wengi wanapolinganisha njia. Ada za M-PESA zinazotangazwa zina ushuru ndani yake tayari. Benki nyingi hutangaza ada kabla ya ushuru. Basi mtu anaweka 30 ya kutoa pesa kwenye ATM ya benki kando ya 29 ya wakala, anasema ni sawa tu, kumbe ya benki ni 34.50. Kabla ya kulinganisha, zidisha ada ya benki kwa 1.15, au soma taarifa yako ambako makato yote yameshatokea.

Njia niliyotaka kuipima ilikuwa kutuma pesa kutoka benki moja kwa moja bila kupitia simu yangu. Kwa kodi ya nyumba, mwenye nyumba ana akaunti, hivyo PesaLink, njia ya kutuma kutoka benki moja hadi nyingine, inafika. Benki yangu inakata 60 na ushuru wa 9, jumla 69. Ukilinganisha 69 na 108 utadhani nimeokoa 39. Lakini ile 25,000 ilikuwa imeshalipiwa 46 kufika kwenye simu, kwa hiyo safari ya zamani iligharimu 154. Nilichookoa ni 85 kwa mwezi, 1,020 kwa mwaka. Kosa hili la kulinganisha hatua moja na safari nzima hutokea pande zote mbili. Mwingine anaona PesaLink ni nafuu, kumbe pesa zake ziko M-PESA, na itambidi alipe kwanza kuziweka benki. Na anayefungua akaunti mpya kwa ajili hii tu aingize pia ada ya kila mwezi ya akaunti, ikiwa ipo. Kwangu haikuhusika, maana akaunti ningekuwa nayo hata hivyo kwa sababu ya mshahara.

Ya mama ndiyo ilikuwa na mengi. Kila mara nilivuta kwa 46, nikatuma kwa 53: 99 kwa kila 3,000, na 396 kwa mwezi. Benki inaweza kutuma moja kwa moja kwenye simu yake kwa 46 ile ile, hata kama ni 12,000 zote kwa mpigo. Karatasi inasema tuma mara moja, okoa 350 kila mwezi. Nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, zikija zote pamoja, wiki ya pili nitakuwa nakupigia." Tukakubaliana mara mbili kwa mwezi, 6,000 kila mara. Ikawa 92, na akiba ikashuka hadi 304 kwa mwezi, 3,648 kwa mwaka.

Mzani huo ulikuwa bado na sahani moja ambayo hatukuiangalia, nayo ni ada anayokatwa mama akitoa. Aliyetuma haioni, lakini ni pesa ya familia ile ile. Zamani alitoa 3,000 kwa 52, mara nne, 208 kwa mwezi. Sasa anatoa 6,000 kwa 87, mara mbili, 174.

Hapo nikagundua jambo ambalo sikulitarajia kwenye tarifa. Kutuma na kutoa havifuati mpangilio mmoja. Kutuma kunazawadia kuunganisha: 5,000 mara moja ni 57, lakini 2,500 mara mbili ni 66. Kutoa kwa wakala ni 29 kuanzia 101 hadi 2,500, kisha kunaruka hadi 52. Kwa hiyo kutoa 5,000 mara moja ni 69, lakini ukitoa 2,500 mara mbili ni 58. Kwenye 7,500 njia zote mbili zinatoa 87. Kwenye 10,000 kuunganisha kunashinda tena, japo kwa shilingi moja tu, 115 dhidi ya 116. Kosa jingine lenye hasara ni kutoa 2,600: kwa ile mia ya mwisho unalipa 23. Na kwa upande huo huo, anayetoa 300 analipa sawa na anayetoa 2,500.

Mashine ya ATM niliipima pia. Kwa 2,000 nilizozoea, 34.50 inashindwa na 29 ya wakala. Ningetoa 8,000 mara moja kwa mwezi kwenye ATM ingenigharimu 34.50 badala ya 116, lakini sitaki kukaa na 8,000 mfukoni. Kiasi hicho cha usumbufu nimekinunua kwa hiari, mstari wa 1,392 umebaki ulivyo.

Kwa vijisenti, benki haisaidii kitu. 46 kwa kutuma 300 ni kichekesho. Njia nyingine hapo ni Lipa na M-PESA kwa namba ya tili, ambapo mnunuzi hakatwi, muuzaji ndiye anayekatwa asilimia ndogo. Nilipopitia zile mara 310, takriban 200 zilikwenda kwa watu wenye tili ukutani, ila mimi nilituma kwenye namba ya simu kwa mazoea. Hizo ni 1,400. Tahadhari: Pochi la Biashara linafanana na tili machoni, lakini anayelipa hukatwa kama anayemtumia mtu. Kutuma hadi 100 hakukatwi, na ndiyo, unaweza kumtumia mtu 500 kwa vipande vitano vya mia bila ada. Nilimjaribia rafiki. Alijibu ujumbe wa tatu akiuliza kama simu yangu imeharibika.

Mwisho nikapunguza kuvuta kwa matumizi yangu kutoka mara tatu hadi moja kwa mwezi: 1,104. Ukijumlisha akiba zote ni 7,172, na mwaka ungenigharimu 6,986 badala ya 14,158, bila kuhesabu 408 zilizobaki kwa mama. Mstari mkubwa uliosalia ni ule wa 2,340, wa mafundi na vibarua wanaolipwa kati ya 501 na 1,000. Hao hawana tili. Ninachoweza kufanya ni kuangalia mpaka tu: 1,000 kamili ni 13, na 1,050 ni 23, kwa hiyo ile hamsini ya juu naituma peke yake, bure.